Hakuna Nyama Ndani ya Pranayama

Siku yangu ya kwanza kwenye darasa la yoga, ghorofa ya pili ya jengo moja pale Upanga, dada aliyekuwa kwenye mkeka wa kushoto kwangu aliinua kichwa akaninong'oneza: "Amesema nyama?"

Mwalimu alikuwa ametangaza kwamba tukimaliza asana tutaingia kwenye pranayama. Nikamwambia sijui, labda ni chakula cha mwisho. Tukacheka chinichini mpaka mwalimu akatutazama, tukarudisha nyuso zetu kwenye adabu. Nilikuwa nimekwenda pale kwa ajili ya mgongo. Mimi kazi yangu ni kuhariri vitabu vya Kiswahili, na mtu anayekaa saa nane juu ya kiti akiwinda nukta na herufi kubwa hana budi siku moja kulipa deni la uti wa mgongo.

Lakini mhariri hata akilala chali haachi kuhariri. Nilipofika nyumbani mgongo ulikuwa umelegea vizuri, ila lile neno, pranayama, ambalo kumbe ni jina la mazoezi ya pumzi, lilikuwa bado linanisumbua. Dada yule alikuwa amefanya kosa la kawaida kabisa, kosa la kukata neno mahali pasipo pake. Amelikata pra na nyama. Baadaye niligundua kwamba kuna watu wengi, wakiwemo walimu wenye vyeti ukutani, wanaolikata vibaya vilevile, isipokuwa kosa lao halichekeshi, kwa hiyo hakuna anayelishtukia.

Nianze na asana, maana ndiyo iliyonifungulia mlango.

Jirani yangu wa chini ni bibi wa Kigujarati, mzaliwa wa Dar es Salaam, ambaye mtaa mzima tunamwita Ba, yaani mama kwa Kigujarati. Jioni moja nilimkuta barazani anachambua mchele. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza nimetoka wapi na jasho lote lile.

"Yoga, Ba. Tumefanya asana nyingi leo."

"Asana nyingi?" Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa nimebeba makabati nyingi. "Asana nyingi za nini, dikri? Mtu mmoja si asana moja?"

Akainuka, akaingia ndani, akarudi na kipande cha mraba cha kitambaa kizito chekundu, ukubwa wake kama sinia, kimechakaa katikati. "Hii ndiyo asan. Ya kukalia wakati wa puja, wakati wa ibada. Ya kwangu hii tangu niolewe."

Nikamweleza kwamba darasani asana ni namna ya kuuweka mwili, na kwa kuwa maneno hayakutosha nikamwonyesha pale pale barazani. Nikaweka viganja chini, nikanyoosha miguu, nikainua makalio juu mwili ukawa kama paa la nyumba. Hii kwa Kisanskriti, lugha ya kale ya India, inaitwa adho mukha shvanasana: adho ni chini, mukha ni uso, shvana ni mbwa. Asana ya mbwa aliyeinamisha uso.

Ba akaizunguka taratibu, ungo mkononi, kama anayekagua gari la mtumba.

"Sasa hapo," akauliza, "umekaa wapi?"

Sikuwa na jibu, na nilipolitafuta niligundua kwamba Ba alikuwa na kamusi upande wake. Neno lenyewe kwa Kisanskriti lina irabu ndefu mwanzoni: aasana. Sisi tukipewa neno lolote tunatia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo limetoka midomoni mwetu a-SA-na, likawa kama ndugu wa "sana". Kwao uzito uko mwanzo, AA-sana, na hiyo AA ndiyo mzizi. Ni kitenzi aas, chenye maana ya kukaa. Kinachofuata ni kiambishi ana, ambacho hugeuza kitenzi kuwa jina la tendo, au la mahali pa tendo. Aasana basi ni kule kukaa, au kile unachokalia: kikao, kiti, kigoda, mkeka.

Na hapa Kiswahili kinatubeba kuliko lugha nyingi, maana kitenzi chetu "kaa" kina mapana yaleyale. Kukaa ni kuweka makalio chini, ni kuishi mahali, ni kubaki, ni kudumu katika hali fulani: anakaa Tabata, amekaa kimya, tulikaa tukingoja. Mzizi aas unafanya yote hayo, hata hilo la mwisho. Kisanskriti kinaweza kusema mtu "anakaa akiimba" kikiwa na maana kwamba anaendelea kuimba, hata kama amesimama wima. Ndiyo maana mwenzangu anayesema "pozi" kwa asana namwambia aache. Pozi ni la mpiga picha. Sisi tuna neno mkao, limetokana na kukaa kama asana ilivyotokana na aas, na ukilitumia hulazimiki kueleza zaidi.

Katika maandishi ya zamani neno hili lina maisha marefu nje ya mazoezi. Sura ya 6 ya Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, inaeleza mtu anayetaka kutuliza akili aanze vipi. Atafute mahali safi, aweke asana yake imara, isiinuke mno wala isiwe chini mno, na iwe na nguo, ngozi ya paa na majani ya kusha. Hapo hakuna mguu unaonyooshwa. Asana ni kitu kinachotandikwa, mkeka wa Ba wenye matabaka matatu. Baada ya kutandika ndipo mtu anaelekezwa anyooshe kiwiliwili, shingo na kichwa, atulie.

Mfano ninaoupenda zaidi uko kwenye Arthashastra, kitabu cha kale cha utawala kinachohusishwa na Kautilya. Humo mfalme anapewa mbinu sita za kushughulika na mataifa jirani. Kuna kufanya mapatano, kuna kupigana, kuna kwenda vitani, kuna kutafuta hifadhi kwa mwenye nguvu, kuna kupatana na huyu huku ukipigana na yule, na kuna asana. Asana ni pale mfalme anapopima akaona adui hawezi kumdhuru, naye hawezi kumdhuru adui, basi anakaa. Yaani anatulia kwake, haendi mbele wala harudi nyuma. Tangu nisome hayo, kila mwalimu anapotuambia "bakini kwenye asana" huku mapaja yananitetemeka, najiona mfalme mdogo asiye na jeshi.

Kuna pia simhasana. Simha ni simba, na simhasana, kiti cha simba, ndilo jina la kiti cha enzi. Wamalay walilichukua likawa singgasana, na kwao mpaka leo ni kiti cha mfalme. Darasani simhasana ni ule mkao wa kupiga magoti, kutumbua macho na kutoa ulimi nje, mkao ambao haukupi hadhi ya kifalme hata kidogo. Na kabla hujakimbilia kuandika mtandaoni kwamba simba wetu alitoka India kwa jahazi, tulia. Simba ni neno la Kibantu, lina ndugu zake bara ndani kabisa ambako jahazi halijawahi kufika. Kufanana kwake na simha ni bahati tu. Maneno yaliyosafiri kweli kutoka huko yapo jikoni: sukari inarudi mpaka sharkara ya Kisanskriti, na pilipili inarudi mpaka pippali, yote mawili yakipitia mikononi mwa wengine kabla ya kutufikia.

Turudi kwenye mkeka. Kitabu ambacho kila mwalimu wa yoga hukitaja ni Yoga Sutra ya Patanjali, vifungu mia moja tisini na kitu, vifupi kama simu ya maandishi ya zamani ambayo kila neno lililipiwa. Watu hudhani kimejaa mikao. Nilikifungua nikiwa na daftari, nikitarajia kazi ya mwezi mzima, nikakuta asana imepewa vifungu vitatu tu, 2.46 hadi 2.48, na hakuna hata mkao mmoja uliotajwa kwa jina.

Kifungu cha kwanza kina maneno matatu: sthira sukham aasanam. Sthira ni kitu kisichotikisika, kilichosimama imara. Sukha ni raha. Kwa hiyo mkao ni ule ulio imara na wenye raha. Hilo sukha lenyewe lina historia inayonifurahisha. Katika Rigveda, maandishi ya kale kuliko yote ya Kisanskriti, husemwa juu ya gari la farasi lililo jepesi, linalokwenda bila kukwaruza. Raha ya kwanza, kabla haijawa ya moyo, ilikuwa ya magurudumu. Kifungu cha pili kinaeleza hali hiyo inafikiwaje: kwa kulegeza juhudi, na kwa kuiachia akili izame katika kisicho na mwisho. Cha tatu kinasema matokeo yake, kwamba mtu hapigwi tena na jozi zinazopingana, yaani baridi na joto na wenzao.

Soma tena kile cha pili. Kulegeza juhudi. Mimi nilitoka Upanga fulana ikiwa imeloa.

Maelezo ya kale kabisa yanayoambatana na kitabu hicho ndiyo yanayotoa mifano ya mikao, kama kumi na moja hivi, na karibu yote ni ya mtu aliye chini: kuna padmasana, yaani wa yungiyungi, kuna wa kuegemea kitu, kuna kukaa kama tembo, kukaa kama ngamia. Aliyeyaandika hakuona haja ya kusema "mkao wa kukaa", maana kwake hayo yalikuwa ni kusema jambo moja mara mbili.

Je, mwalimu wangu anakosea? Sidhani. Kufikia karne ya 15, Hathapradipika, kitabu cha Svatmarama, kinaeleza mikao 15, na ingawa mingi bado ni ya kukaa, tayari yumo tausi, ambapo mwili mzima unabebwa na mikono miwili, na imo shavasana, mkao wa maiti, ambapo mtu analala chali chini kama aliyekufa. Maiti hakai. Neno lilikuwa limeshahama: kutoka kiti, likaenda kwenye namna ya kukaa juu ya kiti, kisha kwenye namna yoyote ya kuuweka mwili. Ile mikao ya kusimama inayojaza nusu ya saa yetu darasani ilipata nguvu karne ya 20, hasa kwenye mafunzo kama yale ya mwalimu Krishnamacharya katika kasri la Mysore, India, miaka ya 1930. Maneno hufanya hivyo. Kwetu "kikao" kilikuwa tendo la kukaa, leo ni mkutano, na posho yake hulipwa hata kwa aliyesimama mlangoni.

Pranayama ni habari nyingine. Hapo neno halikuhama tu. Limegeuzwa uso.

Praana ndiyo nusu ya kwanza, na ni neno la pumzi: mzizi wake an ni kuvuta pumzi, na pra ni mbele. Lakini ni pumzi kwa namna ile ambayo sisi husema mtu "amekata roho", na roho yenyewe kwa Kiarabu ni neno la ukoo mmoja na upepo. Ba husema mtu akifa pran imetoka. Kuna kisa katika Chandogya Upanishad, kitabu cha kale cha Kihindu, ambacho nadhani kinaeleza praana kuliko kamusi yoyote, nami nakisimulia kama nilivyokielewa.

Siku moja viungo vya mtu vilibishana ni nani mkubwa. Vikaenda kwa baba yao Prajapati, vikamwuliza. Akasema: mkubwa wenu ni yule ambaye akiondoka, mwili utaonekana umeharibika kuliko wote. Usemi ukatoka, ukakaa nje mwaka mzima, ukarudi. "Mmeishije bila mimi?" Wakajibu: kama mabubu, hatukusema, lakini tulivuta pumzi, tuliona, tulisikia, tulifikiri. Usemi ukaingia ndani. Likatoka jicho, mwaka, likarudi: tuliishi kama vipofu. Likatoka sikio: tuliishi kama viziwi. Ikatoka akili, nayo ikakaa mwaka, ikarudi kuuliza. Wakaijibu: kama watoto wachanga. Jibu hilo hunichekesha kila mara, maana akili ilitegemea zaidi.

Ndipo pumzi ikataka kutoka. Haikumaliza mwaka, haikumaliza hata hatua moja. Ilipojiinua tu, iliving'oa vingine vyote, kama farasi mzuri anavyong'oa vigingi alivyofungiwa miguu. Vikaja mbio: Bwana, kaa, usiondoke, wewe ndiye mkubwa. Na tangu hapo, kinasema kitabu, haviitwi macho wala masikio, vyote huitwa praana.

Mshike huyo farasi, tunamhitaji.

Nusu ya pili ya neno ndipo kwenye kosa nililotaja. Vitabu vingi vya yoga, na mwalimu wangu pia, husema pranayama ni prana na yama. Yama ni kujizuia, na inajulikana kwa sababu ndiyo ngazi ya kwanza kati ya ngazi nane za Patanjali. Inaingia akilini, inasikika kisomi, na si kweli. Nilikuwa nimeshasoma hivyo kwenye kamusi, lakini kuona kwa macho nilionyeshwa na Ba, ambaye hajawahi kukanyaga darasa la yoga.

Nilimwomba aniandikie pranayama kwa Kigujarati. Akachukua risiti ya luku, akaigeuza, akaandika kwa herufi zake. Katika maandishi yao, konsonanti ikisimama peke yake tayari ina a fupi ndani yake. Ukitaka aa ndefu, unaichorea kijiti cha wima upande wa kulia. Kijiti hicho kinaitwa kano.

"Hesabu kano," nikamwambia.

Akahesabu kwa ncha ya kalamu. "Praa, moja. Naa, mbili. Yaa, tatu. Ma, hana kitu."

Tatu. Sasa fanya hesabu. Praana ina kano moja, kwenye praa. Yama, ile ya kujizuia, haina hata moja, ni ya-ma, fupi zote mbili. Ukiziunganisha unapata praanayama, neno lenye kano moja. Lakini neno lililoandikwa lina tatu. Mbili zimetoka wapi? Zimetoka kwenye aayaama. Kisanskriti kina kanuni kwamba a ya mwisho wa neno ikikutana na aa ya mwanzo wa neno linalofuata, zinayeyuka kuwa aa moja. Praana na aayaama zinakuwa praanaayaama, na kano zinatimia bila kubaki wala kupungua. Mahali pa kukata ni katikati ya ile aa ya pili, ambapo sikio la mgeni haliwezi kuona mshono. Dada wa Upanga alikata mapema akapata nyama. Wenye vyeti wamekata karibu naye.

Aayaama imetokana na mzizi yam, kushika, kuzuia, kama dereva wa farasi anavyoshika hatamu, ikatanguliwa na aa inayoleta upande wa mshikaji. Kamusi zinaipa maana mbili ambazo mwanzoni zilinichanganya: kunyoosha, na kuzuia. Nikajiuliza neno moja linawezaje kurefusha na kusimamisha kwa pamoja. Kisha nikafikiria kitenzi chetu "vuta". Ukivuta hatamu, kamba inanyooka na farasi anasimama. Ni tendo moja. Na sisi pumzi hatuimezi wala hatuiingizi, tunaivuta. Pranayama ni kuivuta hatamu ya pumzi, ya yule farasi aliyekuwa anang'oa vigingi. Yoga yenyewe ni neno la zizi hilohilo: kwenye Rigveda ni kufunga wanyama kwenye gari.

Patanjali anaeleza pranayama kwenye kifungu cha 2.49, mara tu baada ya asana, na anaanza kwa kusema "hiyo ikiwapo", yaani mkao ukishatulia. Kisha: ni kukatwa kwa mwendo wa kuingia na kutoka kwa pumzi. Neno lake ni vichheda, kukata kabisa, kama unavyokata kamba. Hasemi kupumua kwa kina. Hasemi kupumua vizuri. Anasema kukoma kwa mwendo.

Na hivyo ndivyo neno lilivyoeleweka nje ya yoga pia. Katika Sheria za Manu, kitabu cha kale cha sheria za Kihindu, pranayama ni ibada ya kujitakasa, inayofanywa pamoja na maneno matakatifu, na mfano wake ni wa mhunzi: kama uchafu wa madini unavyoungua yanapofukutwa motoni, ndivyo makosa ya viungo yanavyoungua kwa kuzuia pumzi. Vitabu vya hatha, ile yoga ya mazoezi ya mwili na pumzi, viliita kule kuzuia kumbhaka, kutokana na kumbha, mtungi. Unajaza, unafunika, unatulia. Kimojawapo, Gheranda Samhita, kinatoa hesabu: vuta kwa 16, zuia kwa 64, toa kwa 32. Ukihesabu kila moja kama sekunde, ni sekunde 112 kwa pumzi moja, na zaidi ya dakika nzima kati ya hizo mtungi umefunikwa.

Nilijaribu. Si hesabu yote, nilijaribu robo yake, 4 na 16 na 8, peke yangu chumbani, kwa kiburi cha mtu aliyesoma kitabu. Mizunguko mitatu ya kwanza ilikwenda. Wa nne nilianza kuiba, natoa hewa kidogo kidogo puani kabla ya kufika 16. Wa sita niliivuta kwa pupa hata mabega yakapanda, na masikio yakaanza kuvuma. Nikaacha. Baadaye nikakuta Hathapradipika ilikuwa imeshaniandika: simba, tembo na chui milia hufugika shanaih shanaih, na pumzi vivyo hivyo, la sivyo itamwua anayeifanyia kazi. Shanaih ni pole, nao wameirudia mara mbili kama sisi. Na mistari inayofuata inataja dalili za aliyekosea: kwikwi, pumu, kikohozi, maumivu ya kichwa, ya masikio na ya macho. Mtego wenyewe nadhani ni ile pupa. Ukiona pumzi inayofuata kuzuia inaingia kwa fujo, ulishika hatamu kwa muda usio wako. Mwenye shinikizo la damu, mwenye pumu au mjamzito asianze mchezo huu kwa kusoma makala yangu.

Wiki iliyofuata nilimsubiri mwalimu wangu darasa lilipokwisha. Ni kijana mpole, hunywa maji kwa chupa kubwa kuliko mkono wake. Nikamtolea risiti ya luku, nikamhesabia kano tatu, nikamsomea kifungu cha 2.49.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo dada, unataka niwaambie watu wakate pumzi? Jumamosi asubuhi? Watabaki wangapi?"

Nikasema sitaki awaambie hivyo, nataka tu asitufundishe kwamba ni prana na yama.

"Hiyo sawa, nimekosea, nitaacha. Lakini umesoma kifungu kinachofuata?"

Sikuwa nimekisoma vizuri. Nilikuwa nimefurahia ushindi wangu kwenye 2.49 nikafunga kitabu. Alikijua kwa moyo, akakisema kwa lafudhi ya Kichaga. Cha 2.50 kinasema kwamba pranayama, iwe nje, ndani au kwenye kusimama, hupimwa kwa mahali, kwa muda na kwa hesabu, na kwamba inakuwa diirgha na suukshma. Diirgha ni ndefu. Suukshma ni nyembamba, laini, isiyosikika.

"Mimi huwa nasema nini pale mwisho?" akaniuliza.

Huwa anasema: vuta pumzi ndefu, taratibu, nisisikie sauti ya pua ya mtu.

Nikakunja risiti yangu. Jumamosi dada wa mkeka wa kushoto aliniuliza kama nimepata jibu kuhusu ile nyama. Nikamwambia haipo, kuna farasi.